“Nitajaribu” Ndiyo Tusi: Vile Unakataa Harusi Bila Kukosana na Familia

Wasee wa Nakuru, hebu tukae chini kidogo tuongee kuhusu Desemba. Kuanzia Section 58 hadi Free Area, kila mtu mwenye simu amewekwa kwa grupu tatu za harusi ambazo hakuomba kuingia. Kuna ya binamu, kuna ya mtoto wa jirani, na kuna ile hujui hata bwana harusi ni nani lakini admini ni mjomba wako, kwa hivyo huwezi kutoka. Na kati ya hizo tatu, kuna moja unajua kabisa hutaenda.

Sasa vile wengi wetu hufanya ni hivi. Tunanyamaza. Au tukibanwa, tunasema neno moja ambalo nimekuja kulichukia: “Nitajaribu.” Maoni yangu leo ni haya. Familia za huku kwetu hazikasirishwi na “hapana.” Zinakasirishwa na “nitajaribu.” Hapana iliyosemwa mapema, kwa mtu anayefaa, na ikaja na mtu wa kusimama mahali pako, hiyo ni heshima. “Nitajaribu” ni kuacha watu wakuwekee sahani huku wewe unajua hutakula.

Nimejuaje? Kaka yangu alinifundisha, kwa njia mbaya.

Miaka miwili iliyopita kulikuwa na harusi ya upande wa baba, Molo. Familia ilikodi matatu ya kutubeba kutoka mjini. Kaka alikuwa chuo upande wa Njoro, na alikuwa na kazi ya wikendi ambayo hangeacha. Alijua hilo wiki tatu kabla. Lakini mama akimwuliza, anasema, “Nitajaribu, mathe.” Baba akimwuliza, “Nitajaribu, buda.” Siku yenyewe matatu ikasimama pale Njoro Intachenji kumngoja. Tuliketi hapo dakika arobaini, wazee wamevaa suti, watoto wameanza kulia, simu yake inaita tu. Tulipofika kanisani, maharusi walikuwa wameshaapa. Shosho alikosa kuona mjukuu wake akivishwa pete kwa sababu ya neno “nitajaribu.” Hakuna aliyemgombanisha kaka. Waliacha tu kumwuliza vitu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mwaka huu ikawa zamu yangu.

Tata, yaani dada ya baba, anaishi Eldoret. Binti yake wa kwanza aliolewa Jumamosi tarehe 13 Desemba. Na mjue Tata si shangazi wa kuonana tu kwa matanga. Nilipoitwa fomu wani na baba hakuwa na kazi, Tata ndiye alilipa karo ya muhula wa kwanza na kuninunulia sanduku la chuma. Kwa hivyo hii haikuwa harusi ya kukataa kwa emoji ya kulia.

Lakini nilikuwa kwa atachmenti hotelini, jikoni. Desemba ndiyo hoteli za Nakuru na Naivasha hujaa, na sisi wanafunzi ndio hupangwa Jumamosi. Niliomba ofu, nikakataliwa. Nikatafuta mwenzangu wa kubadilishana zamu, wote walikuwa kazini siku hiyo hiyo. Na kitabu changu cha atachmenti kikikosa sahihi za siku zote, naanza upya. Hapo ndipo nilijua jibu ni hapana, na ilikuwa tarehe 18 Novemba. Nilikuwa na siku ishirini na tano.

Hizo siku ni muhimu kuliko maneno utakayochagua. Kamati ya harusi haihesabu watu siku ya harusi. Wanahesabu mapema, kwa sababu wapishi wanataka idadi ya sahani, mwenye hema na viti anataka idadi, na mwenye matatu anataka kujua abiria ni wangapi. Ukikataa wiki tatu kabla, unawapunguzia gharama. Ukikataa siku tatu kabla, chakula chako kimeshalipiwa. Maneno ni yale yale, lakini la kwanza ni habari na la pili ni hasara. Ndiyo maana ukijua, sema siku hiyo hiyo, usingoje upate maneno matamu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kuandika kwa grupu. Grupu ilikuwa na watu zaidi ya mia na hamsini. Nilikuwa nimeshaandika aya nne, na maelezo ya zamu, na pole nyingi, na ile picha ya moyo uliovunjika. Mama alikuwa ananiangalia nikiandika. Akaniuliza, “Unamwambia nani?” Nikasema, namwambia Tata. Akasema, “Tata ni hao wote?”

Fikirieni hilo. Ukikataa kwa grupu, Tata anapata habari yako pamoja na watu wa upande wa bwana harusi, ambao hata hawakujui. Mbele yao anaonekana mtu ambaye mtoto wa kaka yake mwenyewe haji. Sasa si wewe umekosa tu, umemwaibisha mbele ya wakwe. Na pia umewafungulia wengine mlango. Mmoja akikataa hadharani, watano wanafuata chini yake na “hata mimi.” Halafu kuna yule binamu wa kupiga skrinishoti na kupeleka grupu nyingine akiongeza maneno yake.

Kwa hivyo hatua ya kwanza si kuandika. Ni kupiga simu, na ni kwa mtu mmoja. Mtu gani? Angalia nani alikualika. Kama kadi imeandikwa majina ya wazazi wako “na familia,” jibu ni la wazazi, na wewe unawaambia wao kwanza. Kama uliitwa wewe mwenyewe kwa jina, jibu ni lako, lakini wazazi wako wajue kabla hujapiga, wasije wakaulizwa kwa simu wakabaki bila maneno. Mimi niliitwa mwenyewe, maana Tata alikuwa amenipa kazi ya kupokea wageni mlangoni na kuwaonyesha viti.

Na hapo ndipo watu wengi hawaelewi harusi za kwetu. Unafikiri unakataa kiti. Hapana, mara nyingi unakataa kazi. Kuna mtu wa kupokea wageni, wa kugawa soda, wa kukaa na Shosho asichoke, wa kubeba zawadi kwa gari. Ukikosa, kiti hakimuumizi mtu, lakini ile kazi inaangukia msichana mwingine aliyekuja akifikiri atacheza tu. Kwa hivyo kabla sijapiga simu, nilitafuta mtu wa kusimama mahali pangu. Nikamwendea kaka. Yule yule wa Njoro Intachenji. Nikamwambia, “Buda, uko na deni.” Akacheka, halafu akanyamaza, halafu akasema, “Sawa, nitaenda.” Nikamwuliza, “Utaenda ama utajaribu?” Akasema, “Nitaenda.”

Nikapiga simu jioni, saa mbili usiku, wakati najua Tata amemaliza kupika na taarifa ya habari haijaanza. Nilikuwa nimejiambia nisizunguke. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi hivi:

“Tata, habari ya jioni? Nimepiga kuhusu harusi. Nimejaribu kila njia nipate ruhusa kazini, imekataa. Sitaweza kufika.”

Kimya. Hicho kimya, wasee, ndicho kigumu kuliko yote. Unataka kukijaza. Unataka kusema, “Lakini nitajaribu.” Usikijaze. Huyo mtu anahitaji sekunde chache za kuhuzunika, na ni haki yake.

Halafu akasema, “Na nilikuwa nimekuweka mlangoni.”

Nikamwambia, “Najua, Tata. Nimeongea na kaka, atasimama hapo mahali pangu, na atafika Ijumaa jioni ili aonyeshwe kazi.”

Akauliza, “Kaka yako huyu wetu?”

“Huyo huyo.”

Akacheka. Tukaongea kuhusu nguo ya bibi harusi dakika kumi zaidi. Kabla ya kukata nikamwambia nitamwandikia ujumbe, ili amwonyeshe mwenyekiti wa kamati.

Kwa nini uandike tena wakati umeshasema? Kwa sababu Tata ana mambo mia kichwani. Wiki mbili baadaye mtu atamwuliza, “Na yule msichana wa Nakuru yuko wapi?” na ataanza kukumbuka nusu nusu. Ujumbe ulioandikwa unamsaidia kukutetea. Anatoa simu, anasoma, mambo yanaisha. Simu ni ya moyo wake, ujumbe ni wa kamati.

Tata anatumia kabambe, hana WhatsApp, ile grupu husomewa na bintiye. Kwa hivyo niliandika SMS ya kawaida. SMS moja hubeba herufi 160, na ukizidisha inakatwa vipande, na kwa simu zingine za zamani vipande vinaweza kufika vimepinduka. Hiyo ni sababu moja ya kuandika kwa ufupi. Sababu ya pili ni kwamba ujumbe kwa mzee hausomwi kwa macho tu, unasomwa kwa sauti, mara nyingi na mtoto wa jirani, mbele ya wageni. Andika kitu ambacho mtoto akikisoma kwa sauti hakuna atakayeaibika. Hakuna “xaxa,” hakuna “nko,” hakuna “tc.” Huu hapa wangu:

“Tata, habari za nyumbani? Asante sana kwa kunialika harusi ya dada yetu, nimefurahi naye kabisa. Kama nilivyokuambia kwa simu, tarehe 13 sitaweza kufika kwa sababu nitakuwa kazini na sina wa kunishikia zamu. Kaka atasimama mahali pangu kupokea wageni, na mchango wangu uko kwa Mama. Nitakuja kuwaona Jumapili tarehe 4 Januari, tunywe chai na unionyeshe picha. Mungu awabariki.”

Basi. SMS tatu. Ziangalieni vizuri, kwa sababu kila sentensi iko hapo kwa kazi.

Inaanza na shukrani na furaha, kabla ya kukataa. Nimesema “dada yetu,” sijasema “binamu.” Kwetu mtoto wa Tata ni dada yako, na siku ya kukataa si siku ya kumsukuma mtu mbali kwa jina.

Halafu inakuja “sitaweza kufika.” Si “sidhani nitaweza,” si “itakuwa ngumu.” Hayo maneno laini yanaonekana ya adabu lakini yanamwachia mtu tumaini, na tumaini linawekewa sahani.

Sababu ni moja, ya kweli, ya sentensi moja. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anatoa sababu tatu: kazi, halafu nauli, halafu nimekuwa na homa. Sababu moja inaaminika. Sababu tatu zinajibiwa moja moja: nauli tutakutumia, homa itakuwa imeisha, na hiyo kazi si uombe ruhusa? Unajikuta umeishiwa na visingizio na bado huendi. Na tafadhali, usidanganye kwamba ni mgonjwa. Tarehe 13 jioni utasahau, utaweka stetasi ukiwa Nyayo Gardens na marafiki, na mtu wa kwanza kuitazama atakuwa binti wa Tata mwenyewe.

Na kama sababu ya kweli ni doo? Maana tuseme ukweli, kwa wengi wetu ndiyo sababu. Nauli ya Desemba inapanda, kuna kitenge cha kushona, kuna nywele, kuna mchango, na wewe huna kazi. Si aibu. Lakini mwambie mtu mmoja tu, kwa simu, bila kulalamika kwamba harusi ni ghali: “Tata, mwezi huu sina nauli na sitaki kukopa. Nitakuja nikipata.” Kwa ujumbe wa kuonyesha kamati, “sitaweza kufika” inatosha. Akiamua kukutumia nauli, amua hapo hapo kama utakubali. Ukikubali, umesema utaenda, na lazima uende.

Sasa kuhusu mchango. Mimi nilimpa mama pesa mkononi, ndani ya bahasha yenye jina langu, ampe Tata nyumbani. Ningeweza kutuma kwa ile Paybill ya harusi, lakini ukituma hapo mweka hazina ndiye anaona, halafu jina lako linatokea kwa orodha kati ya watu themanini, na Tata huenda asiione kamwe. Kama lazima utumie Paybill, tuma, halafu mwambie mwenye harusi. Na msizungumzie kiasi ndani ya ujumbe wa kukataa. Ukiandika “sitakuja lakini nimetuma elfu moja,” umefanya ionekane umelipa faini ya kutokuja. Ndiyo maana yangu imetajwa kwa maneno matano tu, mwishoni mwa sentensi, inapita.

Mwisho kuna siku ya kurudi, na ina tarehe. Si “nitakuja siku moja.” “Siku moja” ni dada yake “nitajaribu.” Nilichagua Januari kwa sababu maharusi watakuwa wametulia, atachmenti imeisha, na nauli imeshuka. Hii ndiyo sehemu inayofanya hapana yako ikubalike: hukatai watu, unakataa tarehe.

Bado kuna mambo mawili yanayoweza kukuangusha baada ya kutuma.

La kwanza ni ile grupu. Usitoke baada ya kukataa. Siku hizi WhatsApp haitangazi kwa kila mtu ukitoka, lakini maadmini wanaona, na jina lako linabaki kwa orodha ya waliotoka kwa siku 60. Kaa hapo, zima sauti, na siku ya harusi andika neno moja la baraka. Mimi niliandika asubuhi kabla ya zamu, saa kumi na moja, nikiwa nimesimama nje ya jikoni na baridi ya Menengai inanikata masikio. Jioni niliona picha ya kaka mlangoni na ua kwa koti, amesimama kama askari. Sikuweka stetasi yoyote siku hiyo.

La pili ni kujua kama mtu amekasirika kweli. Wazee wetu hawatakuambia. Watajibu “Sawa.” Hiyo “sawa” pekee yake si ya kutisha, wengi wao huandika hivyo kwa sababu kuandika kunawachosha. Dalili ziko kwingine. Akianza kutuma salamu kupitia kwa mama yako badala ya kukupigia, au akimwambia mama, “Mwambie huyo mtu wa kazi nyingi nimemsalimia,” hapo kuna jambo. Dawa si ujumbe mwingine mrefu. Dawa ni kufika ile tarehe uliyosema.

Nilifika. Jumapili tarehe 4 Januari nilipanda matatu asubuhi, tukapita Salgaa, tukapita Timboroa na ukungu wake, nikafika Eldoret na sukari kilo mbili, majani ya chai na mchele, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Nilipoingia, Tata hakuniambia karibu. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema, “Kumbe unajua njia.”

Ningejitetea hapo, ningeharibu kila kitu. Nikasema, “Naijua, Tata. Pole kwa kukosa.” Nikaweka shopingi mezani, nikaenda jikoni kusonga ugali. Tuliangalia picha zote, hata zile mia mbili za watu wakila. Simu yangu ilikuwa kwa mkoba. Karibu na mwisho akanionyesha moja ya kaka akimshika Shosho mkono, akimpeleka kwa kiti cha mbele kabisa. Shosho aliona pete safari hii.

Sitawadanganya kwamba haikuuma. Nilikosa siku ambayo haitarudi, na dada yangu atakapoangalia hizo picha akiwa mzee, mimi sitakuwa ndani. Ujumbe mzuri haufuti hilo, na yeyote anayekuambia unaweza kukataa harusi ya mtu aliyekulipia karo bila gharama yoyote anakudanganya. Unachoweza kuchagua ni nani atakayelipa hiyo gharama. Ukisema “nitajaribu,” wanalipa wao, barabarani, wakikungoja. Ukisema “sitaweza” mapema, unalipa wewe.

Nilipokuwa naondoka, Tata alinifungia mahindi na parachichi kwa mfuko ule ule nilioleta shopingi. Akaniambia kuna yule mdogo wake bibi harusi, ameletewa wazee, harusi ni Agosti.

“Utakuja?” akauliza.

Nilikuwa naangalia matatu ikija. Nikamwambia, “Nipe tarehe, Tata, nikuambie leo.”